Mnunuzi wako wa Uingereza akifilisika: fuata hatua hizi kabla ya kuvunja mkataba

Mikataba ya kuuza maua inayofika mezani kwangu hubeba karibu kila mara sentensi hii: mnunuzi akifilisika, muuzaji anaweza kuvunja mkataba papo hapo. Wenye mashamba wanaitegemea sana. Lakini mkataba ukiwa chini ya sheria ya Uingereza, tangu 26 Juni 2020 sentensi hiyo hukosa nguvu saa ileile inapohitajika. Kifungu cha 233B cha Sheria ya Ufilisi ya 1986 kinamzuia muuzaji wa bidhaa au huduma kuvunja mkataba kwa sababu tu kampuni anayoiuzia imeingia kwenye taratibu za ufilisi. Lengo ni kampuni inayojaribu kuokolewa isikatiwe mahitaji yake.

Tuchukue mfano. Shamba la waridi Naivasha linapeleka mzigo wa pauni 6,000 kila Jumanne, malipo ni ndani ya siku 30. Ankara 7 hazijalipwa, jumla pauni 42,000, na mbili kati yake zimepitisha muda. Mkataba unasema ankara ikichelewa siku 7, muuzaji anaweza kuvunja. Jumatano asubuhi inaingia barua pepe: mnunuzi amewekewa msimamizi wa ufilisi.

Hatua ya 1: Tafuta uteuzi ulianza lini hasa. Angalia tovuti ya Companies House, msajili wa makampuni wa Uingereza, na ya The Gazette, gazeti rasmi la serikali ya huko, kisha muulize msimamizi tarehe na saa. Saa hiyo ndiyo mpaka. Katika mfano wetu, ankara kongwe imechelewa siku 13, kwa hiyo haki ya kuvunja ilikuwepo tangu Alhamisi iliyopita. Kama notisi ilimfikia mnunuzi Jumatatu kama mkataba unavyotaka, mkataba umekwisha na msimamizi hawezi kuufufua. Kama notisi bado iko kwenye kompyuta yako, umechelewa: haki iliyotokana na jambo la kabla ya ufilisi, nawe hukuitumia, haiwezi kutumika maadamu taratibu hizo zinaendelea. Hapa ndipo nimeona watu wakiumia zaidi, maana walisubiri kwa uungwana tu.

Hatua ya 2: Usidai deni la zamani kama sharti la mzigo mpya. Barua ya "lipeni 42,000 kwanza, ndipo tutume" imekatazwa waziwazi. Deni hilo wasilisha kwa msimamizi, usubiri pamoja na wadai wengine wasio na dhamana. Na kama mkataba unasema bidhaa ni zako hadi ulipwe, usiende kuzichukua bila idhini ya msimamizi au ruhusa ya mahakama.

Hatua ya 3: Fungua daftari jipya. Mizigo ya baada ya uteuzi iandikie ankara zake peke yake. Msimamizi akiendelea kupokea maua, gharama hiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa gharama ya usimamizi, na hulipwa kabla ya madeni kama ile 42,000. Mwombe kwa maandishi afupishe siku za malipo; akikataa, siku 30 za mkataba zinabaki. Lakini ankara mpya ikichelewa siku 7, hilo ni kosa jipya, na haki yako ya kuvunja inazaliwa upya. Ukichanganya ankara za zamani na mpya kwenye taarifa moja, utashindwa kuonyesha kosa ni la lini.

Hatua ya 4: Ukishindwa kuendelea, omba kutoka. Milango ni miwili: msimamizi akubali mkataba uvunjwe, au mahakama iridhike kwamba kuendelea kutakutia kwenye dhiki. Nenda na hesabu za mishahara, mkopo wa benki na nauli ya ndege, si malalamiko. Msamaha wa muda uliowekwa kwa wauzaji wadogo ulikwisha 30 Juni 2021, ingawa bado naulizwa habari zake.

Hatua ya 5: Rekebisha mkataba ujao. Kifungu cha kuvunja kifunge kwenye kuchelewa kulipa, tena siku chache, na mpe mtu mmoja ofisini kazi ya kukagua ankara kila Ijumaa. Usiandike kwamba mali ya mnunuzi itahamia kwako akifilisika. Tangu karne ya 19 mahakama za huko hubatilisha kifungu kinachowanyima wadai wengine mali kwa njia hiyo.

Kumbuka pia kwamba kinga ya 233B ni ya upande mmoja. Inamlinda mnunuzi aliyefilisika, haimlindi muuzaji. Shamba lako likifilisika, kifungu hicho hakimzuii mnunuzi kutumia sentensi ileile dhidi yako, kwa hiyo isome mara mbili kabla ya kutia sahihi.