Jedwali la karakta za S₃ kwa magunia matatu

Ninapofundisha somo hili hapa Mbeya huanza na magunia matatu yaliyopangwa mstari mmoja kama kule sokoni Mwanjelwa: mchele, mahindi, maharage. Kuna namna 6 za kuyapanga upya, na hizo ndizo kundi S₃. Uwakilishi ni kuiandika kila namna kama matriki, na karakta ya namna hiyo ni jumla ya namba zilizo kwenye ulalo mkuu wa matriki yake.

Hatua ya 1: matabaka. Kuacha yote yalivyo ni namna 1. Kubadilishana magunia mawili ni namna 3. Kuyazungusha yote matatu ni namna 2. Namna za tabaka moja hutofautiana majina ya magunia tu, kwa hiyo karakta yao ni moja. Kila tabaka ni safu wima ya jedwali, na kila uwakilishi usiogawanyika kuwa midogo zaidi ni safu mlalo. Matabaka ni matatu, basi na safu mlalo ni tatu.

Hatua ya 2: safu wima ya kwanza. Humo huandikwa ukubwa wa kila uwakilishi usiogawanyika, na miraba yake lazima ijumlike kuwa 6. Namba tatu nzima zinazotimiza hilo ni 1, 1 na 2 pekee.

Hatua ya 3: safu mlalo ya pili. Ya kwanza ni 1, 1, 1. Ya pili tuiandike 1, a, b. Kubadilishana mara mbili hurudisha magunia yalikotoka, kwa hiyo a ni 1 au −1. Sasa tunadai safu hizi mbili ziwe othogonali, yaani ukizizidisha namba kwa namba na kujumlisha upate 0, kila tabaka likihesabiwa kwa wingi wake:

```
1 + 3a + 2b = 0
```

Ukiweka a = 1 unapata b = −2. Haiwezekani, maana kuzungusha mara tatu ni sawa na kutofanya kitu, na (−2)³ si 1. Basi a = −1, b = 1.

Hatua ya 4: safu ya mwisho, 2, x, y. Hapa tumia uothogonali wa safu wima ya kwanza na kila moja ya zile nyingine, na wingi wa tabaka hauingii:

```
1 − 1 + 2x = 0    x = 0
1 + 1 + 2y = 0    y = −1
```

Jedwali zima:

```
        1   3   2
      -----------
      | 1   1   1
      | 1  −1   1
      | 2   0  −1
```

Kukagua. Wengi hukwama hapa. Mwanafunzi mmoja alizidisha safu ya pili na ya tatu moja kwa moja: 2 + 0 − 1, akapata 1, akafuta jedwali ambalo lilikuwa sahihi kabisa. Alisahau ile 3 na 2 za juu. Ukizitia unapata 2 + 0 − 2 = 0. Safu ya tatu kwa yenyewe inatoa 4 + 0 + 2 = 6, yaani idadi ya namna zote, kama inavyotakiwa.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi, kwa sababu haitegemei hesabu za hatua ya 4. Hesabu magunia yanayobaki mahali pake: 3 usipogusa kitu, 1 ukibadilisha mawili, 0 ukizungusha. Toa 1, 1, 1 na utabaki na 2, 0, −1.