Simu ilizimika, kifurushi hakikupokelewa: namna ya kuomba kiletwe tena kabla hakijarudishwa

Mwezi uliopita nilimsaidia shangazi yangu wa Ipagala, hapa Dodoma, kupata kifurushi kilichotoka Dar es Salaam. Mleta mizigo alikuwa amefika mtaani mara mbili, na mara zote mbili simu ya shangazi ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji.

Hatua ya kwanza: mwombe mtumaji namba ya ufuatiliaji iliyo kwenye stakabadhi yake.

Hatua ya pili: piga simu kwenye tawi la kampuni iliyosafirisha mzigo, si kwa kijana wa bodaboda anayeuleta. Kijana huyo jioni hurudisha mizigo stoo, na ahadi yake ya "nitaleta kesho" haiandikwi popote. Uliza mzigo uko wapi, utatunzwa hadi tarehe gani, na sababu iliyoandikwa ni ipi. Ikiwa imeandikwa kwamba mpokeaji amekataa, omba irekebishwe papo hapo, kwa kuwa mzigo uliokataliwa hausubiri kama ule ambao mpokeaji wake hakupatikana.

Hatua ya tatu: hakikisha namba ya simu inabadilishwa ndani ya mfumo wenyewe. Hapa ndipo tulipopoteza siku nzima. Nilimpa mhudumu namba yangu, akaniitikia kwa adabu, kumbe ameiandika kwenye karatasi tu. Kesho yake mleta mizigo akapiga namba ileile ya shangazi iliyosomeka kwenye lebo, akaikuta imezimwa, na jaribio likahesabiwa tena. Mara nyingi tawi halibadilishi taarifa kwa maneno ya mpokeaji peke yake, kwa sababu aliyelipia usafirishaji ni mtumaji. Kwa hiyo mwombe mtumaji aiandikie kampuni ujumbe mfupi wenye namba ya ufuatiliaji, namba mpya ya simu, na ombi kwamba mzigo usirudishwe. Napendelea maandishi kuliko simu, kwani yanaweza kuonyeshwa baadaye. Kisha piga tena tawini, umwombe mhudumu akusomee namba anayoiona kwenye kompyuta. Asiposoma namba mpya, kazi bado. Iwapo mzigo umeshafungwa pamoja na mizigo ya kurudi, tawi huenda lisiweze kuutoa, na njia inayobaki ni mtumaji kuomba uzuiwe kituo kikuu na kutumwa upya, pengine kwa malipo mengine.

Katika kusubiri, mtu akikupigia akitaka ulipe ada ya kuletewa tena kwa namba yake binafsi, usilipe kabla ya kuuliza tawini.

Hatua ya nne: chagua kuletewa au kuufuata mwenyewe. Binafsi, baada ya majaribio mawili huufuata kaunta. Shangazi alikwenda na kitambulisho cha NIDA na namba ya ufuatiliaji, akaupata asubuhi hiyohiyo. Ukimtuma mtu, mpe barua iliyosainiwa na nakala ya kitambulisho chako, na kwanza uulize kama tawi hilo linakubali.