Kabla mtoto hajafika miezi 6, panga mambo ya chuma

Wengi wetu huanza kuwaza chakula cha mtoto siku ile anatimiza miezi 6, na hapo ushachelewa kidogo, manake mtoto huzaliwa na akiba ya chuma, yale madini ya kutengeneza damu, aliyoichukua tumboni na humtosha miezi 4 mpaka 6 hivi tu. Maziwa ya mama hayana mpinzani lakini chuma chake ni kidogo. Aliyezaliwa kabla ya wakati akiba yake ni ndogo zaidi, huyo uliza kliniki mapema.

Haraka ya nini? Miaka 2 ya kwanza ubongo ndio wajijenga, mishipa ya fahamu yavikwa mafuta yake ili ujumbe upite mbio, na kazi hiyo yataka chuma. Kibaya ni kwamba chuma kikipungua mwili huipa damu kwanza, ubongo wakosa, kwa hivo waweza kupima damu ukaambiwa iko sawa na huku kichwani kushaanza njaa. Kule Kosta Rika watoto walioishiwa chuma uchangani walitibiwa, damu ikapanda, wakafuatiliwa mpaka ukubwani na bado wakawa nyuma ya wenzao kwenye majaribio ya akili.

Wifi yangu wa Kisauni, mtoto wake miezi 10, mashavu tele, nani angeshuku? Alikua akila uji mweupe, maziwa ya ng'ombe kikombe baada ya kikombe, na jioni mkate kachovyewa chai. Mtoto mpooole, hata kucheza hataki, sisi twasifu eti ana adabu. Bibi mmoja ndo alomfunua kiganja akasema mbona cheupe hivi. Damu kupimwa ni 8.2, ilhali hutakiwa 11 hivi. Wakampima malaria kwanza, kisha dawa ya chuma ya maji kwa kipimo cha uzito wake. Baada ya mwezi 9.8, wifi akataka kuacha, akaambiwa bado, damu ikirudi sawa huendelea miezi kadhaa ili akiba nayo ijae.

Kwa hivo kabla ya ule mwezi wa 6 jua utapata wapi maini ya kuku (kidogo tu, mara moja au mbili kwa wiki), dagaa wa kusaga, nyama ya kuponda. Mchicha na kunde ni sawa ila chuma chake hakiingii mwilini kirahisi, kamulia ndimu au mpe chungwa papo hapo. Chai toa kabisa, hata ile nyepesi, yazuia chuma kwenye chakula. Maziwa ya ng'ombe ya kunywa yangoje mwaka.

Na usikimbilie duka la dawa kununua chuma kivyako. Pemba walijaribu kuwapa watoto kila siku, na wakati huo malaria imejaa, waliopewa wakalazwa au kufa zaidi. Ukiandikiwa, chupa weka juu asipofikia, akiinywa yote yaweza kumuua. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni hiyo dawa.