Kabla binti hajachomwa chanjo ya HPV: dozi moja inatosha kwa nani, na kwa nani haitoshi

Anza na umri. Chanjo hii ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, Tanzania inalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14, na sababu kubwa ni hii: inakinga kirusi ambacho bado hakijaingia mwilini, haikiondoi kilichokwisha kuingia. HPV huambukizwa kwa kugusana sehemu za siri, kwa hiyo muda mzuri ni kabla binti hajaanza kujamiiana. Mzazi anayesema "ngoja akue kwanza" anaahirisha kinga hadi wakati ambao itakuwa imepungua nguvu.

Jua pia unachokingwa nacho. HPV zipo aina zaidi ya 100 na nyingi hazina madhara makubwa. Aina mbili, namba 16 na namba 18, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, na kila chanjo ya HPV iliyoidhinishwa inazikinga hizo mbili. Zipo chanjo za aina mbili tu, yaani 16 na 18. Zipo za aina nne, ambazo zinaongeza 6 na 11. Hizo mbili hazileti saratani ya mlango wa kizazi, huleta masundosundo ya sehemu za siri. Zipo na za aina tisa, zinazoongeza 31, 33, 45, 52 na 58, na hapo kinga hufika karibu asilimia 90. Usimzuie mtoto eti unasubiri ile ya aina tisa. Iliyopo kituoni ndiyo ya kuchoma, kwa sababu 16 na 18 zimo.

Siku yenyewe haina mambo mengi. Ale asubuhi. Avae nguo ambayo mkono wake unapanda hadi begani, maana sindano inachomwa kwenye msuli wa juu wa mkono, na kwenye baridi ya Makete au Mufindi watoto huja wamevaa masweta matatu, foleni ikakwama. Baada ya kuchomwa akae chini dakika 15. Wasichana wa umri huu huzimia kwa woga wa sindano, na anayezimia akiwa amesimama hujigonga kichwa. Maumivu ya mkono, kichwa kuuma kidogo na homa ndogo ni kawaida, huisha ndani ya siku chache. Akiwa na homa kali siku hiyo, subiri apone. Akiwa mjamzito, chanjo inasogezwa hadi ajifungue. Kama aliwahi kupata mzio mkali kwa dozi ya kwanza, au ana mzio mkali wa hamira, mwambie mchomaji kabla hajafungua sindano. Hedhi si kizuizi. Na chanjo hii haifungi uzazi. Ndani yake hakuna kirusi kizima wala vinasaba vyake, kuna ganda la nje tu linaloufundisha mwili kumtambua adui.

Sasa dozi ngapi. Hapa ndipo familia nyingi za huku kwetu zinapopotea.

Chanjo ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, ilikuwa kwa wasichana wa miaka 14 na dozi zilikuwa mbili. Mwaka 2024 utaratibu ukabadilika: dozi moja, kwa wote wa miaka 9 hadi 14. Ndiyo maana dada mkubwa ana sindano mbili kwenye kadi na mdogo wake ana moja, na wote wako sawa. Mabadiliko hayo hayakuja kwa kubana matumizi tu. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na mwingine wa Kenya kwa wenye miaka 15 hadi 20, ulionyesha kwamba dozi moja inajenga kinga ya kuaminika.

Lakini tafiti hizo mbili ziliwachukua wasichana wasio na maambukizi ya VVU. Mzazi wa Njombe, Iringa au Mbeya asiisome sentensi hiyo haraka, kwa sababu hii ndiyo mikoa yenye kiwango cha juu kabisa cha VVU nchini, na tuna mabinti wengi waliozaliwa na maambukizi, wanakunywa dawa vizuri, wanasoma, wana afya njema kama wenzao. Kwa binti wa namna hiyo, pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni jingine: dozi zisizopungua mbili, na ikiwezekana tatu. Sababu ni kwamba kinga ya mwili iliyodhoofishwa na VVU huenda isijenge ulinzi wa kutosha kwa dozi moja, na mwanamke mwenye VVU yuko kwenye hatari ya saratani hii takribani mara sita zaidi ya asiye nayo. Hata mwendo wa ugonjwa unabadilika. Kwa kawaida, kutoka maambukizi hadi saratani hupita miaka 15 hadi 20. Kinga ikiwa dhaifu na VVU havijatibiwa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Tazama jinsi inavyokwenda mrama. Chukua binti wa miaka 12 Makambako, analelewa na bibi yake, anachukua dawa za VVU CTC, kliniki ya tiba na matunzo, kila baada ya miezi kadhaa, na kipimo cha mwisho kilionyesha virusi havionekani kwenye damu. Tarehe 10 Machi timu ya chanjo inafika shuleni. Wasichana wote wanapanga foleni, kila mmoja anachomwa mara moja, anapewa kadi. Timu haijui hali yake, na haipaswi kumuuliza mbele ya wenzake. Kupima VVU si sharti la kupata chanjo hii. Binti anarudi nyumbani, bibi anaipokea kadi, anaifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya kuzaliwa, anasema mambo yamekwisha. Mwezi unaofuata wanakwenda CTC. Mhudumu wa CTC anaangalia dawa, uzito na kipimo cha damu. Chanjo ya shuleni haimo kwenye faili lake. Dirisha la chanjo nalo lina rejista yake, na humo binti hajaandikwa kuwa ana VVU. Hakuna aliyekosea kazi yake, na bado binti amebaki na dozi moja.

Anayeweza kuziunganisha kumbukumbu hizo mbili ni mlezi peke yake. Kwa hiyo, bibi, mama, shangazi, yeyote unayemlea: siku ya CTC nenda na kadi ya chanjo. Mkiwa ndani na mlango umefungwa, sema, "Huyu alichomwa HPV shuleni tarehe fulani, dozi moja. Naomba apangiwe zilizobaki." Usiliseme hilo kwenye benchi la kusubiri.

Hesabu ya tarehe ni hii. Kama zitakuwa tatu, ya pili inafuata mwezi mmoja au miwili baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kwa binti wetu wa Makambako ni Machi, Mei, Septemba. Kama kituo kinaweza kutoa mbili tu, ya pili iwe miezi sita baada ya ya kwanza, yaani Septemba. Na kama bibi amekumbuka mwishoni mwa Juni? Achomwe ya pili hapo hapo, kisha ya tatu mwishoni mwa Oktoba. Asidanganyike kwamba Machi na Juni zimetimiza zile mbili: zimekaribiana mno, na dozi mbili zinazohesabika zinatakiwa kupishana angalau miezi mitano. Kuchelewa hakuharibu kitu. Hata ukipita mwaka, huanzi upya. Unaendelea pale ulipoishia.

Jiandae kuambiwa "siku hizi ni moja tu, mama." Aliyesema hivyo anasema kweli kwa wasichana wengi, kwa hiyo usigombane naye. Mweleze kwa sauti ya chini kwamba binti ni wa CTC, kisha omba kumwona mganga mfawidhi. Ikishindikana zahanati, mratibu wa chanjo wa wilaya ndiye wa kuulizwa. Chanjo ikiwa haipo siku hiyo, usiondoke bila tarehe iliyoandikwa.

Kuna jambo zito hapa: watoto wengi wa miaka 9 au 10 bado hawajaambiwa kwa nini wanakunywa dawa. Swali "mbona mimi narudia sindano na wenzangu hawarudii?" litakuja. Ongea na mshauri wa CTC kabla ya siku ya sindano, mkubaliane mtamwambia nini kwa umri wake. Usimwambie uongo ambao utalazimika kuufuta baada ya miaka miwili.

Virusi kutoonekana kwenye damu hakufuti hitaji la dozi za ziada. Dawa za VVU hazikingi HPV. Na binti akigundulika na VVU baada ya kuwa ameshachomwa dozi moja, naye arudi kuongezewa. Vivyo hivyo kwa anayetibiwa saratani au anayetumia kwa muda mrefu dawa zinazopunguza kinga ya mwili; daktari wake aulizwe.

Aliyepita miaka 14 hajapoteza kila kitu. Kwa msichana mwenye afya, dozi moja au mbili hadi miaka 20, na kuanzia 21 ni mbili zinazopishana miezi sita, ingawa kampeni za serikali hazimlengi, hivyo aulize upatikanaji kwanza.

Chanjo haiondoi uchunguzi. Aina zilizobaki nje ya chanjo bado zinaweza kuleta saratani, kwa hiyo mwanamke aanze kuchunguzwa mlango wa kizazi akifika miaka 30, na mwenye VVU aanze akiwa na 25. Mama unayempeleka binti, wewe mwenyewe umepimwa lini? Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, au uchafu wenye harufu usioisha, si wa kusubiri kampeni wala tarehe ya kliniki. Usinunue chanjo ya mkononi, hata muuzaji akiwa ni mtu mnayefahamiana, maana inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 muda wote, na ikiganda imeharibika hata kama inaonekana nzima. Kadi ipige picha kwenye simu, na binti akihamia shule ya bweni Tukuyu au Ilula, nakala iende na mtu mzima mmoja anayeaminika, isikae kwenye sanduku la bwenini.