Fundi miwani, mpima macho au daktari: uanze kwa nani?

Chukulia mama wa miaka 54 kule Kongowea, Mombasa. Kwa miaka kumi alikuwa hasomi meseji bila miwani ya kusomea. Mwezi huu anasoma bila miwani, ila namba za matatu zimekuwa ukungu. Nyumbani wanafurahi kwamba macho yamerudi. Hayajarudi.

Hatua ya 1: Ondoa dharura. Jicho lililoumia, linalouma sana na kuwa jekundu, lililoona vimulimuli au pazia jeusi, au lililoacha kuona ghafla, si la dukani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa mfano ya rufaa pale Makadara. Likiingia kemikali, lioshe kwanza kwa maji safi mengi kwa nusu saa, ndipo utoke.

Hatua ya 2: Jaribu tundu. Toboa kadi nene kwa pini, tundu la milimita 1 hivi. Ziba jicho moja, kwa jingine tazama maandishi ya mbali kupitia tundu. Yakisafika, huenda tatizo ni la miwani: anza kwa mpima macho, yaani optometrista. Yasiposafika, shuku mtoto wa jicho, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, au mshipa wa fahamu wa jicho. Hapo optometrista bado anaweza kukuangalia, lakini kazi itaishia kwa daktari.

Mama wetu maandishi yamesafika. Optometrista anapata mainasi 1.50 macho yote mawili, yaani sasa anaona karibu ila mbali ahitaji miwani. Kipimo ni sahihi, lakini optometrista aliyesomea kazi yake hakomei kwenye namba: anauliza kwa nini mtu wa miaka 54 aanze mainasi sasa. Sababu mbili hutangulia: sukari iliyopanda, ambayo hubadilisha lenzi ya jicho, au mtoto wa jicho anayekomaa katikati ya lenzi. Akipimwa kidoleni, sukari ni 18, juu mno.

Hatua ya 3: Usikate lenzi bado. Sukari ikishuka kwa dawa, jicho hubadilika tena, na miwani ya leo itamsumbua baada ya wiki chache. Asubiri sukari itulie, kama wiki 6, kisha apimwe upya. Watu wengi hugombana na fundi bure hapa, kumbe lenzi ilikatwa sawasawa.

Hatua ya 4: Daktari bingwa wa macho, hata kama anaona vizuri. Huyu amesoma udaktari kwanza, kisha macho. Ndiye anayetibu kwa dawa, leza na upasuaji. Atampanua mboni kwa matone na kukagua retina, maana sukari huiharibu bila maumivu. Mama asiendeshe gari siku hiyo.

Hatua ya 5: Fundi miwani, yaani optishani, mwisho. Hapimi ugonjwa. Yeye huchukua karatasi ya vipimo, hupima umbali kati ya mboni kwa milimita, hukata lenzi na kuiweka fremu ikae. Katikati ya lenzi isipokaa mbele ya mboni, kichwa huuma ingawa namba ni sahihi. Hilo ndilo la kumrudishia yeye.