Mtoto Anayecheua na Kulia kwa Sauti ya Kukwaruza: Mwongozo kwa Wazazi Walioko Uingereza

Mzazi wa Afrika Mashariki anayelea mtoto mchanga Uingereza mara nyingi hupokea ushauri kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Muuguzi wa afya ya watoto anayekuja nyumbani humwambia kwamba kucheua ni kawaida na kutakwisha kwenyewe, ilhali bibi aliyeko Tanga au Mombasa, akisikia kwenye simu kilio cha mjukuu kilichokwaruza, husema kwamba mtoto ana kimeo na anahitaji kukatwa. Mwongozo huu unahusu hali hiyo hasa: mtoto wa wiki chache ambaye anacheua baada ya kila mlo, sauti yake imeanza kukauka, na wazazi hawajui kama wasubiri au waende kliniki.

Mahali umio unapokutana na tumbo pana msuli wa mviringo ambao kazi yake ni kufunga njia ili chakula kisirudi juu. Kwa mtoto mchanga msuli huo haujakomaa, umio ni mfupi, chakula chote ni maji, na muda mwingi mtoto amelala chali, kwa hiyo si ajabu maziwa yakarudi hadi mdomoni. Karibu watoto 4 kati ya 10 hucheua kwa namna hii. Kwa kawaida huanza kabla ya wiki 8, baadhi yao hucheua mara 6 au zaidi kwa siku, na kwa watoto 9 kati ya 10 hali huwa imekwisha wanapotimiza mwaka mmoja. Mtoto anayecheua hivyo, akiwa anaongezeka uzito na ametulia, hana ugonjwa wala hahitaji dawa, hata kama kanga ya mama hailali kavu siku moja.

Sauti ya kukwaruza inahitaji kusikilizwa kwa makini zaidi. Maziwa yanayorudi huwa yamechanganyika na asidi ya tumbo, na yakifika karibu na zoloto huweza kuziwasha na kuzivimbisha nyuzi za sauti. Hata hivyo, mtoto aliyelia sana usiku kucha naye hukauka sauti, na hiyo hurudi akipumzika. La muhimu ni kujua sauti ilianza lini na inafuatana na nini. Kilio kilichokuwa safi mwanzoni, kikaanza kukwaruza baada ya wiki kadhaa za kucheua, na mtoto akawa anapinda mgongo kwa nyuma na kulia katikati ya kunyonya, kinaelekea kwenye kucheua kunakosumbua, na daktari wa familia anapaswa kuambiwa. Kilio kilichokwaruza au kilichofifia tangu siku ya kuzaliwa ni jambo tofauti, kwa sababu kinaweza kutokana na nyuzi za sauti zisizosogea vizuri, au na tezi ya shingoni isiyofanya kazi ipasavyo, hasa pale ambapo mtoto pia ana manjano isiyokwisha, choo kigumu na usingizi mwingi. Kuna pia mtoto anayetoa mlio wa kukoroma anapovuta hewa ndani, unaozidi akilala chali au akilia. Huyo huenda zoloto lake bado ni laini mno, na anapaswa kuonwa na daktari hata kama anacheua kidogo tu.

Kabla ya kufikiria dawa, angalia kwanza kiasi cha maziwa, maana kwa watoto wanaonyweshwa chupa hapo ndipo tatizo hupatikana mara nyingi. Chukua mfano wa mtoto wa wiki 7 mwenye kilo 4.8, anayepewa chupa 7 kwa siku, kila moja ikiwa na mililita 150. Jumla ni mililita 1,050. Kipimo kinachotumiwa Uingereza kwa umri huo ni takriban mililita 150 hadi 200 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani kwa mtoto huyu kati ya mililita 720 na 960. Anapewa kupita kiasi, na kila mlo mmoja ni mkubwa mno kwake. Wazazi wake wakimpa milo 8 ya mililita 100, atapata mililita 800, kiasi kinachomtosha, na kila mlo utakuwa mdogo kwa theluthi moja. Angekuwa tayari yuko ndani ya kipimo, kupunguza maziwa kungekuwa kumnyima chakula. Kwake milo ingegawanywa iwe midogo na ya mara kwa mara, huku jumla ya siku ikibaki ileile. Unga wa maziwa nao upimwe kama kopo linavyoelekeza. Kuongeza kijiko ili maziwa yawe mazito huleta choo kigumu na huweza kumpunguzia mtoto maji mwilini.

Kwa anayenyonyesha hakuna haja ya kupima mililita, bali kuangalia mkao. Mkao unaosaidia wengi ni wa mama kuegemea nyuma kwenye mito, si kulala kabisa, na mtoto akalazwa kifudifudi juu ya kifua chake, kichwa kikiwa juu kuliko makalio. Mkao huu humfaa zaidi mama ambaye maziwa yake hutoka kwa nguvu, kwani mtoto hapigwi na mkondo kooni, hakabwi na hamezi hewa nyingi. Mtoto anayeanza kukaza shingo anaweza kukalishwa wima juu ya paja la mama, miguu ikiwa huku na huku, mkono wa mama ukishika mgongo na sehemu ya chini ya kichwa. Mwombe muuguzi au mkunga atazame mtoto anavyoshika titi kuanzia mwanzo wa mlo hadi mwisho, kwa sababu mtoto anayeshika chuchu tupu humeza hewa katika mkao wowote.

Kwa chupa, mwinue mtoto awe karibu kukaa, uso wake ukiwa umekuelekea. Chupa ishikwe karibu kulala sawa na sakafu, ikiinuliwa kiasi cha kuingiza maziwa kwenye chuchu yake tu, badala ya kusimamishwa maziwa yakamwagika kooni. Mtoto akipunguza kunyonya, akitanua vidole au akigeuza uso, mpumzishe. Mtoe hewa ya tumboni katikati ya mlo na mwishoni kwa kumweka begani na kumpapasa mgongo polepole, bila kumbana tumbo.

Baada ya mlo mshike wima kifuani kwa takriban nusu saa. Kiti cha gari hakifai kwa kazi hii, kwa sababu mtoto mchanga hujikunja ndani yake, tumbo likabanwa na maziwa yakasukumwa juu. Mbeleko ya mbele inafaa ikiwa uso wake unaonekana, kidevu hakijagusa kifua na nguo haijakaza tumboni. Nepi nayo ni bora ibadilishwe kabla ya kunyonya, maana kuinua miguu ya mtoto aliyeshiba kunatosha kumfanya acheue mlo mzima.

Kuhusu kulala sina maneno laini: mtoto alale chali, kwenye godoro tambarare, usiku na mchana, hata kama anacheua. Wazazi wengi huhofia kwamba atakabwa, kwa hiyo humlaza ubavu au tumbo, au huinua kichwa cha kitanda kwa mto. Mtoto anapolala chali, njia ya hewa huwa juu ya umio, hivyo maziwa yanayorudi hubaki chini na mtoto huyameza. Akilala kifudifudi mpangilio huo hugeuka. Kampeni ya kuwalaza watoto chali ilianza Uingereza mwaka 1991, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana baada yake. Kuinua kitanda nako hakujaonyesha faida, na mtoto huweza kuteleza hadi chini akafunikwa na blanketi.

Narudi kwa bibi. Kidole kile cha nyama kinachoning'inia nyuma ya koo kila mtu anacho, na hakisababishi kucheua wala sauti kukwaruza. Kukikata hakugusi ule msuli wa chini ya umio, lakini kunaweza kumwagisha damu nyingi na kuleta maambukizi mazito, na kuna watoto waliokufa kwa sababu hiyo. Kama safari ya nyumbani imekaribia, wazazi wakubaliane mapema, na wamweleze bibi kwa heshima kabla ya kupanda ndege, kwamba jambo hilo halitafanyika. Uji mwepesi au maji ya mchele ndani ya chupa navyo visubiri. Maziwa mazito yaliyotengenezwa kwa watoto wanaocheua yapo, lakini huandaliwa kwa namna yake na hutumiwa kwa majaribio ya wiki 1 hadi 2 baada ya kuzungumza na muuguzi au daktari.

Mpeleke mtoto kwa daktari wa familia, bila kungoja miadi ya kawaida ya kupima uzito, ikiwa sauti inaendelea kukwaruza, ana kikohozi kisichoisha, analia kwa maumivu kila anaponyonya, anakataa kula, au mstari wa uzito kwenye kitabu chekundu cha rekodi za afya ya mtoto umelala au kushuka. Vilevile aonwe ikiwa kucheua kulianza baada ya miezi 6 au kunaendelea baada ya mwaka mmoja. Ukurutu na damu kwenye choo vikiambatana na kucheua, mtajie daktari vyote pamoja, kwa sababu huenda ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe.

Hali nyingine hazisubiri kesho. Matapishi ya kijani huweza kumaanisha utumbo umejisokota, na matapishi yenye damu, au meusi kama kahawa iliyosagwa, nayo yanataka hospitali mara moja. Mtoto wa wiki 2 hadi 8 anayetapika kwa nguvu hadi maziwa yanaruka mbali, kisha akataka kula tena papo hapo, huenda njia ya kutokea tumboni imeziba. Tumbo lililovimba na kukaza, utosi uliovimba au kubonyea, nepi zisizolowa, ulegevu, au homa ya nyuzi 38 kwa mtoto wa chini ya miezi 3 pia vinahitaji kuonwa siku hiyohiyo. Ukiwa na shaka piga 111. Midomo ikiwa ya buluu, au pumzi ikikatika, piga 999. Walioko nchi za Umoja wa Ulaya hupiga 112, na walioko Marekani na Kanada 911.

Unapoweka miadi, omba mkalimani wa Kiswahili. Huduma za NHS hutoa bila malipo, na si haki kumtwika kazi hiyo mtoto mkubwa wa nyumbani. Nenda na kitabu chekundu, orodha ya siku 2 ya milo, kiasi na nyakati za kucheua, pamoja na video fupi ya simu yenye kilio chenyewe na mlio wa pumzi akiwa amelala, kwa sababu watoto wengi hunyamaza wakifika mbele ya daktari. Kwa kawaida daktari huanza na unga wa alginati, unaofanya maziwa yatulie tumboni, kwa wiki 1 hadi 2. Usiutumie pamoja na maziwa mazito ya kopo, na mweleze daktari kwanza kama mtoto ana homa au anaharisha. Omeprazoli hupunguza asidi lakini haizuii maziwa kurudi, kwa hiyo haiandikwi kwa kucheua peke yake. Mtoto akipewa kwa sababu ya maumivu au kukataa kula, uliza tarehe ya kurudi baada ya wiki 4, ili iamuliwe kama dawa imesaidia au isimamishwe.