Taa Mpya ya Skrubu, Balbu za Zamani za Pini: Namna ya Kuifunga kwa Usalama

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani kufunga taa mpya ya dari, ambayo holda yake haikupokea hata moja kati ya balbu alizokuwa nazo.

Hatua ya 1: Tazama kitako cha balbu. Kikiwa na pini mbili ubavuni, kwa kawaida ni B22, yaani kipenyo cha milimita 22. Kikiwa na nyuzi za skrubu, mara nyingi ni E27, yenye milimita 27, au E14 iliyo nyembamba zaidi. Balbu za jirani zilikuwa B22 na taa ilikuwa E27.

Hatua ya 2: Amua utakachobadilisha. Napendelea kununua balbu zinazolingana na holda. Adapta hufanya kazi, lakini huongeza urefu, hata balbu ikachomoza nje ya kifuniko cha taa.

Hatua ya 3: Unganisha nyaya. Hapa usiharakishe. Balbu ya pini hugusa vidoti viwili vilivyo chini ya kitako, kwa hiyo holda yake haijali sana waya wa moto umeingia upande gani. Holda ya skrubu hupeleka umeme kwa ulimi wa chuma ulio katikati na kwa ganda lenye nyuzi. Waya wa moto ukifungwa kwenye ganda, balbu itawaka vizuri kabisa, lakini vidole vitakavyogusa kitako wakati wa kuifungua vinaweza kupigwa na umeme. Kwa hiyo kuwaka kwa taa si ushahidi kwamba umefunga sawasawa.

Taa ikiwa bado mezani, weka mita kwenye kipimo cha mlio, gusisha ncha moja kwenye ulimi wa katikati, na nyingine kwenye kila skrubu ya kufungia waya. Itakayolia ndiyo ya waya wa moto.

Kisha utambue waya wa moto darini. Usitegemee rangi pekee, kwa sababu waya unaoshuka kutoka swichi mara nyingine huwa mweusi au wa buluu, ilhali ndio unaobeba moto. Swichi ikiwa imewashwa, pima kila waya bila kugusa shaba. Ukizima swichi, moto unapaswa kutoweka. Ukibaki, huenda swichi imefungwa kwenye nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, na hapo holda itakuwa na umeme hata taa ikiwa imezimwa. Kosa hilo mwachie fundi umeme alirekebishe kwanza.

Sasa zima swichi kuu, hakikisha kwa mita kwamba nyaya zote hazina umeme, kisha funga waya wa moto kwenye skrubu uliyoitambua, nyutro kwenye nyingine, na waya wa ethi kwenye chuma cha taa kama kina sehemu yake.

Hatua ya 4: Weka balbu. Wati zake zisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye holda. Ikimetameta, zima swichi kuu na uangalie kama ulimi wa katikati umelala. Uinue kidogo kwa kijiti kikavu.